Panya wa Samli wa Bwana Dzombo

Dzombo alikuwa mtu wa kupima mikojo ya watu. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kusema "mtaalamu wa maabara", na maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali yetu ndogo upande wa Msambweni, chenye hadubini moja, taa ya spiriti na dirisha lisilofunga. Humo alitafuta kichocho, safura na malaria kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, akaandika majibu kwa mwandiko mzuri kuliko wa daktari. Nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa, mimi nikiwa mwuguzi wa wadi ya watoto, na sikumbuki hata siku moja aliyokosea kuhesabu mayai ya minyoo. Kwa wanadamu alikosea mara nyingi.

Alikuwa Mdigo wa Kinondo, mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alisali sala zake tano kwa wakati. Hakuvuta sigara, hakutafuna tambuu, wala hakuweza kuacha swali lipite bila kulijibu. Hilo la mwisho ndilo lililotaka kumuua mtoto wa watu.

Uhuru ulikuwa na miezi michache tu tulipoletewa sanduku la chupa. Barua iliyokuja nalo ilitoka idara moja ya serikali, nayo ilikuwa imeipokea kutoka maabara ya ng'ambo. Wakubwa wa dunia walikuwa wamelipua mabomu yao ya atomiki ya majaribio huko kwao, miaka mingi mfululizo, na vumbi lake lilikuwa limepanda juu sana na sasa lilikuwa linashuka na mvua popote mvua iliponyesha. Mvua ya Kwale nayo ni mvua. Basi walitaka maziwa ya ng'ombe wetu kila mwezi, unga wa muhogo, unga wa mahindi, na nyama kidogo pamoja na mfupa, wapime yale mambo mawili waliyoyaogopa: strontiamu tisini na sesiamu.

Daktari wetu, Mgoa mmoja mpole aliyekuwa na wagonjwa wengi mno, aliisoma barua akasema, "Dzombo, hii ni yako." Dzombo akaipokea kama mtu aliyepewa cheo. Alikaa na kile kijitabu kilichoambatana nayo wiki nzima, kamusi pembeni, kisha akaja wadini kunifundisha na mimi, bila kuombwa.

"Jumwa," akaniambia, "mwili wetu ni bawabu asiyejua kusoma. Anatazama umbo tu. Strontiamu imefanana na kalsiamu, wako ukoo mmoja, kwa hiyo mwili unaipeleka kule kule kalsiamu inakokwenda."

"Wapi?"

"Mifupani. Inajengwa humo kama tofali. Sesiamu yeye amefanana na potasiamu, na potasiamu imo katika kila nyama ya mwili. Basi sesiamu huenea, hana nyumba maalumu. Figo humtoa kwenye mkojo. Kwa mtu mzima nusu yake imeshatoka kwa miezi mitatu au zaidi kidogo, kwa mtoto ni wiki chache tu."

"Na strontiamu?"

"Iliyokwisha kujengwa mfupani haitoki upesi. Inakaa miaka. Na miale yake ni mifupi, haifiki mbali, kwa hiyo inaunguza pale pale ilipo, mfupa na uboho. Miale ya sesiamu ni mirefu, inapita mwili mzima, kila mahali kidogo kidogo. Ukiziweka chupani zote mbili hupungua nusu kwa karibu miaka thelathini. Ukiziweka ndani ya mtu, zinatofautiana kabisa, kwa sababu moja imehamia na nyingine inapita."

Nilielewa, na nikamwambia nimeelewa, naye akaendelea kunieleza kwa nusu saa nyingine.

Kazi ya kukusanya aliifanya kwa baiskeli. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikwenda hadi Kinondo na chupa zake, akatia matone ya fomalini ili maziwa yasichache, akaandika jina la mwenye ng'ombe, majani aliyokula ng'ombe huyo na mvua iliyonyesha. Mwezi wa kwanza watu walimpa maziwa kwa ukarimu. Mwezi wa pili walimwuliza anayapeleka wapi. Mwezi wa tatu walikuwa wameanza kumwita mumiani wa maziwa. Alikuwa anaondoka na chupa na harudishi majibu, na mtu anayechukua kitu kwenye miili bila kurudisha majibu, pwani ina jina lake.

Dzombo aliumia. Mtu wa sala tano kuitwa mumiani kwao alikozaliwa! Akaamua kuwaeleza. Kama angewaeleza alivyonieleza mimi, wangesinzia wakaenda zao salama. Lakini alitaka waelewe, akatafuta mfano kutoka chuo cha Kurani alikosoma utotoni.

Kila mtoto aliyesoma chuoni anaijua hukumu ile ya panya. Panya akifia ndani ya samli iliyoganda, unamtoa yeye na samli iliyomzunguka, iliyobaki unakula. Akifia ndani ya samli iliyoyeyuka, usiikaribie yote. Dzombo alisimama kwenye baraza ya duka moja pale Kinondo, baada ya sala ya alasiri, akasema kwa sauti ya kufundisha: vumbi la mabomu ya ng'ambo lina mambo mawili. Strontiamu ni kama panya katika samli iliyoganda, amekaa mahali pamoja, mfupani. Sesiamu ni kama panya katika samli ya maji, ameenea kote. Na vyote viwili vinaonekana kwenye maziwa, ndiyo maana tunapima.

Watu walinyamaza. Yeye alidhani wameridhika. Alirudi hospitali akiwa amechangamka, akaniambia, "Leo wamenielewa vizuri sana."

Walimwelewa vizuri sana. Kesho yake wanaume watatu walikwenda kwa Maalim Suleiman, mwalimu wa chuo, mzee aliyeheshimiwa hadi Tiwi, wakamwuliza: "Maalim, katika maziwa ya ng'ombe wetu mna kitu mfano wa panya aliyekufa, na maziwa ni maji. Hukumu yake ni ipi?" Maalim akauliza ni nani aliyesema kitu hicho kimo. Wakamjibu, Dzombo wa hospitali, mwenye hadubini. Maalim akasema ikiwa ni hivyo mlivyoeleza, basi msiyakaribie.

Hapo mambo yakanyooka kwa namna yake. Nyama ikaendelea kuliwa, mifupa ikatupwa mbali hata mbwa wasiipate, mchuzi wa mifupa ukakoma. Maziwa yakamwagwa mchangani. Waduruma wa kule bara, ambao hukumu ya panya haikuwahusu, waliendelea kunywa yao na kuwacheka Wadigo. Dzombo alipofika mwezi uliofuata na chupa zake aliambiwa kwa adabu kwamba ng'ombe wamekauka. Akaandika katika daftari lake: "Ng'ombe wamekauka." Ng'ombe wote wa kijiji kizima, kwa siku moja, katikati ya masika, majani yakifika kiunoni! Mtu aliyeweza kuona yai la kichocho hakuuona uongo mkubwa kiasi hicho. Aliwapita akaenda akachukua maziwa kwa wafugaji wa mbele zaidi, akamaliza kazi yake.

Sasa nimtaje Mbeyu. Alikuwa na umri wa miaka miwili kasoro, mtoto wa Mwanapili wa Kinondo. Mwezi wa pili alilazwa kwangu baada ya surua, akiwa amekonda na miguu imeanza kuvimba. Tulimlisha mwezi mzima akanyanyuka, akaanza hata kunivuta kofia. Nilipompa mama yake ruhusa ya kwenda nyumbani nilimwambia maneno matatu, nikamfanya ayarudie: maziwa ya ng'ombe asubuhi, mchana na jioni. Mwanapili alikuwa mwanamke wa kushika neno. Aliyashika maneno yangu hadi siku aliyolisikia neno la Maalim, ndipo akamwachisha mtoto maziwa, akampa uji wa muhogo, kwa uaminifu ule ule.

Alimrudisha mwezi wa sita. Nilimpokea mtoto nikadhani ni mwingine. Uso umevimba, nywele zimekuwa nyekundu na zinang'oka ukizigusa, ngozi ya mapajani inabanduka kama rangi ya mlango wa zamani. Hakulia. Mtoto wa namna hiyo akilia unamshukuru Mungu. Kule kijijini walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba ni chirwa, ugonjwa wa mtoto ambaye wazazi wake wamevunja mwiko, na Mwanapili alikuja na aibu hiyo pia, ameibeba pamoja na mtoto.

Nikachanganya maziwa, nikaleta kikombe na kijiko. Mwanapili akaweka mkono wake juu ya kikombe.

"Hayo hapana, dada."

"Ni maziwa, Mwanapili. Ni dawa yake."

"Nayajua. Yana najisi. Maalim amesema."

Nilimletea ya kopo kutoka ng'ambo, akasema maziwa ni maziwa, na hayo ya ng'ambo ndiyo yanayotoka karibu zaidi na mabomu. Kwa hilo hakukosea. Daktari akaja, akasema atampitishia mpira puani amlishe. Mwanapili akamnyanyua mtoto, akasimama mlangoni.

"Mkimtilia kwa nguvu nakwenda naye nyumbani. Akifa, atakufa safi. Mimi siwezi kwenda kuulizwa kwamba nilimlisha mwanangu najisi kwa mkono wangu."

Hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa mama anayeogopa vitu viwili, na kimoja kilikuwa kikubwa kuliko kifo. Daktari akasema kwa Kiingereza kwamba mtoto ana siku mbili, labda tatu. Nikamwuliza Mwanapili hiyo najisi imetoka wapi hata ikaingia kwenye maziwa, naye akanihadithia habari ya panya mwanzo hadi mwisho.

Nilikwenda maabara sikugonga mlango. Nilimkuta Dzombo ameinamia hadubini, nikamwambia ainuke. Nilimwambia yote, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Naye, kwa kuwa ni Dzombo, akasema, "Lakini mfano wenyewe ulikuwa sahihi."

Nilikaribia kumpiga kwa kile kikombe, nilichokuwa bado nimekishika. Nikamwuliza: "Haya, mtaalamu. Kama maziwa yana hiyo strontiamu, muhogo hauna? Mvua inachagua pa kunyesha?"

Akafungua saraka ya meza, akatoa karatasi ya majibu iliyofika mwezi uliopita. Alikuwa ameisoma safu ya kwanza, kiasi cha strontiamu katika kila kilo, akaona maziwa na unga hayaachani sana, akaiweka katika faili. Nikaweka kidole kwenye safu ya pili. "Na hii?"

"Hiyo ni kwa kila gramu ya kalsiamu."

"Sasa mbona muhogo umezidi mara kadhaa?"

Alitazama. Nilimwona akitazama, na shati lake lilionekana kulegea mabegani. Alianza kunena polepole, si kwa kunifundisha mimi tena.

"Ng'ombe anakula majani yenye strontiamu na kalsiamu. Tumbo lake linapenda kalsiamu, kiwele nacho kinapenda kalsiamu. Strontiamu nyingi inabaki nyuma. Kwa kila kipimo cha kalsiamu, maziwa yana kama sehemu moja tu ya kumi ya ile iliyokuwa kwenye majani. Ng'ombe ni chujio, Jumwa. Muhogo haukuchujwa, na kalsiamu yake ni haba." Akaiweka karatasi mezani. "Na mifupa ya mtoto lazima ikue. Ikikosa kalsiamu inashika kilichofanana nayo. Nimewaondolea chakula chenye nafuu nikawaachia kisichokuwa nayo."

"Strontiamu haitamuua kesho kutwa," nikamwambia. "Njaa ndiyo itakayomuua."

"Najua," akasema, na machozi yakamtoka, mtu mzima yule. "Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Sikuwaambia ni kidogo. Niliwaambia kipo."

Akachukua baiskeli. Kutoka kwetu hadi Kinondo ni saa moja na nusu kwa baiskeli, na siku hiyo ilinyesha. Haya ya huko alinisimulia Maalim mwenyewe baadaye. Dzombo alifika amelowa hadi kofia, akasimama uani.

"Asalaam alaikum. Shikamoo, Maalim."

"Waalaikum salaam. Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Nimekosa. Nimekuja kusema nimekosa."

Akamweleza yote, safari hii bila panya. Maalim akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu mwanzo. "Kitu hicho ni najisi, au ni madhara?"

"Ni madhara, Maalim. Ni kama moshi wa jikoni. Si najisi."

"Mbona ulisema panya?"

"Nilitaka wanielewe."

"Walikuelewa. Najisi ina hukumu yake na madhara yana yake. Madhara yanapimwa. Yakikutana mawili, unachukua lililo dogo. Dogo ni lipi?"

"Maziwa, Maalim. Hata kwa hesabu ya hicho kitu chenyewe, maziwa ndiyo madogo."

Maalim alisema aliletewa swali pungufu akatoa jawabu pungufu, na kwamba alipaswa kumwita Dzombo kwanza amhoji, lakini hakumwita. Kosa lake alilitaja lote, hakulipunguza. Kisha akaomba aletewe kanzu ya safari na akauliza kama kile kiti cha nyuma cha baiskeli kinaweza kubeba mzee.

Walifika hospitali jua limeinama, Maalim Suleiman akiwa amekaa upande kwenye kiti cha mizigo, mwavuli mkononi, amechafuka matope hadi kwenye ndevu. Wagonjwa wa nje walisimama wote. Aliingia wadini, akamsalimia Mwanapili, akamtazama mtoto, uso ukambadilika. Akaomba kikombe. Akasema bismillahi akanywa nusu, sote tukimtazama, akafuta masharubu.

"Mwanangu Mwanapili, niliulizwa vibaya na nikajibu upesi. Haya ni halali, ni safi, na mtoto anayahitaji. Hukumu ile naiondoa mimi niliyeitoa. Ijumaa nitaiondoa mbele ya watu, na huyu atasimama nami."

Mwanapili akachukua kijiko kutoka mkononi mwangu. Kijiko cha kwanza kilitoka pembeni mwa mdomo. Cha pili nacho. Cha tatu Mbeyu alikimeza, nasi watu wazima wanne tukalitazama koo lake kama kitu ambacho hatujapata kukiona. Usiku na mchana tulimpa kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Siku ya nne alilia. Nilikwenda nyuma ya wadi na mimi nikalia, nikarudi.

Ijumaa Dzombo alisimama nje ya msikiti wa Kinondo akasema amekosa. Waliokuwapo wanasema alisema kwa maneno machache, na wanaomjua yeye hawakuamini.

Mbeyu alikaa wadini wiki saba. Siku ya kuondoka Dzombo alikuja kuwaaga, ameshika chupa moja tupu, sijui kwa nini. Mwanapili alikuwa ameketi kitandani anamvika mtoto.

"Bwana Dzombo," akasema, "nataka kuuliza. Ile miezi mitatu ya muhogo. Vile vitu viliingia?"

Nilimkonyeza Dzombo. Hapo ndipo mahali pa kusema hapana, ukamwacha mama wa watu aende kwake. Lakini yeye hakuweza kuacha swali lipite, na sasa, baada ya yote, hakuweza pia kulijibu nusu.

"Viliingia," akasema. "Vidogo sana. Mashine za ng'ambo zenyewe zinahangaika kuviona. Njaa ilikuwa hatari kubwa mno kuliko hivyo, na hiyo njaa niliileta mimi pia."

"Vimetoka?"

"Sesiamu, nyingi imeshatoka. Kufikia Ramadhani hutapata hata ya kuzungumzia."

"Na ile ya mifupa?"

"Nyingine itatoka, polepole. Nyingine ataizeekea."

"Kama angekunywa maziwa ingeingia kidogo zaidi?"

"Ndiyo."

Mwanapili akafunga kifungo cha mwisho cha gauni la mtoto. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo.

"Haya," akasema. "Ya njaa nimekusamehe, kwa kuwa njaa imemtoka. Hiyo nyingine nitakusamehe itakapotoka."

"Mwanapili," Dzombo akasema, "huo ni umri wangu wote."

"Naam," akasema yeye. Akamfunga Mbeyu mgongoni, akanishukuru, akatoka.